Flashi Inakataa Kuandikwa: Ni Faili Kubwa Mno au Imejifunga?

Mtu akisema "flashi yangu imekataa," swali la kwanza ni kwamba imekataa kwa maneno gani. Kwa kawaida kompyuta haikatai kimya kimya. Inatoa ujumbe, na ujumbe huo ndio unaoamua uanzie wapi. Tatizo ni kwamba wengi hufunga dirisha bila kusoma, kisha wanakimbilia kufomati. Kufomati kunafuta kila kitu, na mara nyingi hakukuhitajika.

Kwenye Windows, jumbe mbili ndizo hujitokeza zaidi. Ya kwanza hutaja ukubwa wa faili:

```
The file is too large for the destination file system.
```

Ya pili hutaja kufungwa kwa flashi:

```
The disk is write-protected.
```

Zinafanana kwa matokeo, maana faili halijanakiliwa, lakini hazina undugu. Ya kwanza inasema flashi ni nzima na iko wazi, ila mpangilio wake wa mafaili hauna uwezo wa kubeba faili moja kubwa kiasi hicho. Ya pili inasema flashi, au kompyuta yenyewe, imezuia kuandika chochote, hata herufi moja.

Kuna jaribio la nusu dakika linalozitenganisha hata kama hukusoma ujumbe. Tengeneza faili dogo la maandishi kwenye kompyuta, kisha linakili kwenye flashi. Likiingia, kufuli haipo, na unachoshughulikia ni ukubwa wa faili au nafasi iliyobaki. Likikataa, ruka hadi sehemu inayohusu kufuli.

Dogo linaingia, kubwa linakataa

Tuchukue mfano. Una flashi ya GB 32. Kompyuta inaonyesha jumla ya GB 29 na kitu, na hilo lisikushtue: mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024. Nafasi iliyobaki ni GB 24. Unataka kunakili video ya GB 6.8. Hesabu ya kawaida inasema itaingia na nafasi itabaki, lakini Windows inakataa kabla hata ya kuanza.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya flashi, chagua `Properties`, kisha tazama mstari wa `File system`. Kama umeandikwa `FAT32`, umepata jibu. Katika FAT32, kila faili lina kumbukumbu yake ndogo inayotaja jina, mahali lilipoanzia na ukubwa wake. Sehemu ya kuandikia ukubwa ina biti 32 tu. Ni kama fomu yenye visanduku vichache vya tarakimu: namba ikizidi visanduku, hakuna pa kuiandika, hata kama ghala zima ni tupu. Namba kubwa kuliko zote inayotosha hapo ni baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 kasoro baiti moja. Video ya GB 6.8 imeshapita mpaka huo. Unaweza kuweka mafaili kumi ya GB 2 humo bila shida, lakini si moja la GB 5.

Linux hutenda tofauti kidogo, na ni vizuri kulijua hilo. Unakilishaji unaweza kuanza vizuri, ukaenda dakika kadhaa, kisha ukakatika na neno `File too large`. Kwenye flashi linabaki faili lenye jina sahihi lakini lililokatwa, la takriban GB 4 kamili. Video hiyo inaweza hata kucheza mwanzoni halafu ikafa katikati. Ukikuta faili lenye ukubwa wa baiti 4,294,967,295, usihangaike kulikarabati. Lifute, ukalichukue upya kutoka kwenye asili.

Dawa iliyo safi zaidi ni kubadilisha mfumo wa mafaili kuwa exFAT. Mfumo huu uliundwa na Microsoft kwa ajili ya vifaa vya aina hii hasa, na kikomo chake cha ukubwa wa faili kiko mbali mno kiasi kwamba hutakigusa. Windows za sasa zinausoma na kuuandika, Mac pia tangu toleo la 10.6.5, na Linux ina uwezo huo ndani ya kiini chake tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019.

Hatua ni hizi. Nakili kwanza kila kilichomo kwenye flashi ukiweke kwenye kompyuta, kisha fungua mawili matatu kati ya mafaili hayo uhakikishe yamefika salama. Bofya kulia juu ya flashi, chagua `Format`, kwenye `File system` weka `exFAT`, acha `Allocation unit size` ilivyo, acha alama kwenye `Quick Format`, kisha `Start`. Rudisha mafaili yako, halafu nakili ile video. Ukifanya kazi hii kwenye Mac kwa kutumia `Disk Utility`, hakikisha `Scheme` ni `Master Boot Record`, maana televisheni na redio nyingi hazioni flashi iliyogawanywa kwa mtindo mwingine.

Kabla hujafomati, jiulize flashi hiyo itachomekwa wapi mwisho wa safari. Televisheni, redio za gari na printa za zamani mara nyingi husoma FAT32 peke yake. Ukiipeleka ikiwa na exFAT, kifaa kitasema hakuna flashi, na utadhani umeiharibu. Kwa vifaa hivyo, njia ni kupunguza video yenyewe ishuke chini ya GB 4, au kuikata sehemu mbili kwa programu ya kuhariri video ili kila sehemu icheze peke yake.

Kama faili linahamishwa tu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, hata kufomati hakuhitajiki. Ligawanye. Programu ya 7-Zip ina kisanduku cha `Split to volumes, bytes`. Andika humo `3900M`, na kule uendako 7-Zip italiunganisha tena. Kwenye Linux au Mac amri hizi mbili zinatosha, ya kwanza ukiwa unapoanzia na ya pili ukishafika:

```
split -b 3900m video.mkv sehemu_
cat sehemu_* > video.mkv
```

Kuna hali moja ambapo kubaki na FAT32 ni jambo la kuchagua kwa makusudi: flashi ya kusakinishia Windows. Kompyuta nyingi huanza kutoka kwenye flashi kwa kutegemea FAT32, lakini faili la `install.wim` ndani ya kifurushi cha Windows mara nyingi huzidi GB 4. Hapo hubadilishi flashi, unagawanya faili. Mfano huu unachukulia kwamba umefungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, kifurushi kiko `D:` na flashi iko `E:`, na mengine yote umeshayanakili:

```
Dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800
```

Programu ya usakinishaji inavitambua vipande vya `.swm` yenyewe.

Jambo dogo la pembeni: flashi za zamani sana, za GB 2 kushuka chini, mara nyingi ziko kwenye FAT16, ambao hauna nafasi ya kumbukumbu zaidi ya 512 kwenye ukurasa wa kwanza wa flashi. Jina refu la faili hula nafasi kadhaa peke yake, hivyo unaweza kukwama kabla hujafikisha hata mafaili 200, huku nafasi bado ipo. Tengeneza folda, weka mafaili humo, tatizo limekwisha.

Tiba inapozaa ugonjwa mwingine

Wengi wakishakwama na FAT32 huchagua NTFS badala ya exFAT, kwa sababu ipo kwenye orodha ileile na jina lake wanalijua. Windows ina hata amri ya kuigeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta mafaili:

```
convert E: /fs:ntfs
```

Inafanya kazi, na faili la GB 6.8 litaingia. Lakini peleka flashi hiyo kwenye Mac. Itafunguka, video itacheza, ila ukijaribu kuongeza au kufuta kitu utakuta haiwezekani. Mac husoma NTFS bila kuiandika, isipokuwa umeiwekea programu ya ziada. Mwenye flashi anasema "imejifunga," anatafuta swichi ambayo haipo, anashuku virusi. Flashi haina kosa lolote. Irudishe kwenye Windows, nakili vilivyomo, ifomati exFAT, na itaandikwa pande zote mbili.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini kwamba flashi imefungwa, angalia mfumo wa mafaili na uijaribu kwenye kompyuta ya pili yenye mfumo uleule wa uendeshaji. Hatua hiyo ya kompyuta ya pili naithamini kuliko amri zote zinazofuata, kwa sababu inagawa tatizo mara moja. Ikiandika kule na kukataa hapa, ugonjwa uko kwenye kompyuta. Ikikataa kote, uko kwenye flashi.

Kufuli ya kushikika kwa mkono

Igeuze flashi uitazame pembeni na karibu na shingo ya chuma. Flashi nyingi za siku hizi hazina swichi, lakini zipo zinazokuwa nayo, na ni ndogo kiasi cha kusukumwa na kitambaa cha mfuko. Chomoa flashi kwanza, sukuma swichi hadi mwisho wa upande wa pili, kisha chomeka upya. Nasema uchomoe kwa sababu flashi nyingi husoma hali ya swichi zinapowashwa tu. Ukiigeuza ikiwa imechomekwa, hutaona mabadiliko yoyote. Swichi iliyosimama katikati nayo ni shida, maana leo itaruhusu na kesho itakataa.

Kadi za SD zina kisa chake. Ukiitazama kadi upande wenye maandishi, kitelezi kiko pembeni kushoto, na chini yake pameandikwa `LOCK`. Kikisukumwa juu, kuelekea upande wa viunganishi vya dhahabu, kadi iko wazi. Kikishuka, imefungwa. Lakini kitelezi hicho hakijaunganishwa na kitu chochote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki tu. Anayekisoma ni kisomaji, kwa kijiti kidogo kinachopapasa kama kuna pengo pembeni mwa kadi. Akikuta pengo, anaiambia kompyuta isiandike.

Kutokana na hilo, mambo mawili yanaeleweka. Kitelezi kikivunjika na kudondoka, pengo linabaki wazi daima, na kadi itaonekana imefungwa milele ingawa haina ubaya. Bandika kipande chembamba cha utepe wa gundi juu ya pengo hilo, kisikaribie viunganishi, na kadi itaandikwa. Pia, kijiti cha kisomaji chenyewe kikipinda au kikijaa vumbi, kila kadi utakayoweka itakataa. Ndiyo maana ni lazima kujaribu kisomaji kingine kabla ya kutupa kadi.

Kadi ndogo za simu, za microSD, hazina kitelezi kabisa. Kilicho nacho ni adapta. MicroSD ikikataa, badilisha adapta kwanza. Ni ya bei ndogo kuliko muda utakaopoteza kwenye amri.

Kufuli iliyoandikwa kwenye kompyuta

Dalili yake ni kwamba flashi zote zinakataa kwenye mashine hiyo moja, na zote zinakubali kwingine. Windows ina sehemu kwenye rejista yake inayoweza kuzuia uandikaji kwa vifaa vyote vya USB. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, kisha uliza:

```
reg query HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies
```

Ukijibiwa kwamba haikupatikana, sababu si hiyo. Ukiona `WriteProtect` ikiwa na thamani ya `0x1`, ndiyo yenyewe. Ibadilishe iwe `0` kwa `regedit`, chomoa flashi, washa kompyuta upya. Kama ni kompyuta ya kazini, usiguse. Ofisi nyingi hufunga USB kwa makusudi, ama hukubali zile tu zilizowekwa usimbaji wa BitLocker, na aliyeifunga ndiye wa kuulizwa.

Kama flashi moja tu ndiyo inakataa, alama ya kufungwa inaweza kuwa imewekwa kwa kifaa hicho peke yake. Hapa `diskpart` ndiyo yenye jibu:

```
diskpart
list disk
select disk 2
attributes disk
```

Namba 2 ni mfano. Tazama safu ya ukubwa kwenye orodha uhakikishe umechagua flashi na si diski kuu. Na usiandike `clean`, amri ambayo maelekezo mengi huitupia hapo bila kueleza kwamba inafuta mpangilio wote wa kifaa.

Amri ya `attributes disk` inatoa mistari kadhaa. Miwili ndiyo ya maana, na wengi huisoma kama mmoja:

```
Current Read-only State : Yes
Read-only  : No
```

Mstari wa `Read-only` ni alama iliyowekwa na programu. Ikiwa `Yes`, andika `attributes disk clear readonly`, chomoa, chomeka, na mara nyingi tatizo limeisha. Mstari wa `Current Read-only State` ni hali halisi ya kifaa kwa sasa. Ukikuta kama hapo juu, alama ya programu ni `No` lakini hali halisi ni `Yes`, hakuna alama ya kufuta. Kifaa chenyewe ndicho kinachojitangaza kuwa kimefungwa. Kama huna swichi, soma sehemu ya mwisho kabla ya kujaribu amri nyingine yoyote.

Kwenye Linux uthibitisho ni mfupi zaidi. Chomeka flashi, kisha:

```
sudo dmesg | grep -iE "write protect|read-only"
```

`Write Protect is on` maana yake flashi imesema hivyo yenyewe. Lakini ukiona `Write Protect is off` pamoja na `Filesystem has been set read-only`, kifaa kiko wazi. Linux ndiyo iliyosimamisha uandikaji baada ya kukuta mpangilio wa mafaili una hitilafu. Kisa cha kawaida ni flashi iliyong'olewa katikati ya kunakili. Hiyo inatibika. Nakili vilivyomo kwanza, iondoe kwa `umount`, kisha, ukiwa na FAT32, tumia `sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1` ukiweka jina sahihi la kifaa chako. Kwenye Windows amri ya namna hiyo ni `chkdsk E: /f`.

Flashi iliyojifunga yenyewe

Chipu ya kumbukumbu ina mafungu yanayochakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Kontrola, ile chipu ndogo inayoisimamia, huwa na mafungu ya akiba ya kuziba mapengo. Akiba ikiisha, au kontrola ikigundua makosa isiyoweza kuyarekebisha, nyingi huacha kukubali uandikaji na kubaki zikisomeka. Dalili zake huja pamoja: hakuna swichi, kompyuta zote zinakataa, `clear readonly` inajibu kwamba imefaulu lakini hali haibadiliki, na kufomati kunagoma. Wakati mwingine haitoi ujumbe wowote. Unafuta mafaili, yanatoweka, unachomoa na kuchomeka, na yote yamerudi pale pale. Umeandika kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta tu. Flashi haikupokea kitu.

Hapa ndipo watu hupoteza mali zao. Flashi ikifika hali hii, bado inasomeka, na huenda isisomeke kesho. Kazi ya kwanza na ya pekee ni kutoa mafaili, yale usiyo na nakala yake kwingine yakitangulia. Ikiwa inasitasita na kukwama kwenye mafaili fulani, Linux ina `ddrescue`, ambayo huchota sehemu zinazosomeka kwanza na kurudia zile ngumu baadaye:

```
sudo ddrescue /dev/sdb flashi.img flashi.log
```

Baada ya hapo fanya kazi na ile picha, `flashi.img`, na flashi uiweke kando.

Utakutana na programu za kiwandani za kuipanga kontrola upya, kila moja ikiwa ya aina fulani ya chipu. Zipo, na wakati mwingine zinaifungua flashi kweli. Lakini zinafuta kila kitu, na mafungu yaliyochakaa yanabaki yamechakaa. Siioni sababu ya kuikabidhi tena mafaili ya maana flashi iliyokwisha kukiri kwamba imechoka.

Kama bado iko kwenye dhamana, fikiri kabla ya kuirudisha: flashi iliyojifunga haifutiki, na chochote kilichomo kitasomwa na atakayeipokea. Ikiwa ina nakala za vitambulisho au mikataba, ni afadhali kuipoteza dhamana. Fungua ganda, tafuta chipu nyeusi iliyo kubwa kuliko nyingine kwenye ubao, na uivunje hiyo. Kuvunja kiunganishi cha chuma peke yake hakusaidii, maana fundi anaweza kuunganisha kingine kwa lehemu na kusoma kila kitu. Zile ndogo sana, ambazo kila kitu kimemiminwa ndani ya kipande kimoja cha plastiki, zivunjwe vipande vidogo kabisa.